Maneno Niliyoyasema Kwenye Sengu

Lundo, pwani ya Ziwa Nyasa

Mke wangu Mama Upendo,

Kwanza niambie, kifua cha Upendo kimepoa? Na wewe mguu? Usinifiche kama unavyonifichaga, eti hujambo hujambo, halafu narudi nakukuta unachechemea. Mimi mwili mzima, chakula ninakula, malaria haijanigusa. Moyo ndio nitakueleza.

Najua umekasirika. Nilikuaga nikasema siku kumi, na leo ni wiki ya nne. Najua pia shoga zako wameshakuambia mwanamume akipunguzwa kazi akaenda kwao baada ya miaka kumi na tisa, ujue kaoa huko. Waambie wakome. Sijaoa. Niko juu ya paa la mke wa marehemu baba yangu, natoa nyasi mbovu naweka mpya, na jioni naingia ndani naandika barua hii kidogo kidogo. Naomba usiisome mbele ya watoto, wala usimpe mwalimu wa jirani akusomee. Isome mwenyewe, polepole, mlango ukiwa umefungwa.

Nilikudanganya, mke wangu. Nilisema nakwenda kuona kaburi la baba. Kaburi nimeliona, ndiyo. Lakini kilichonipeleka ni mama yangu wa kambo, Agata, yule ambaye tangu nikuoe umenisikia nikimwita mchawi. Mara ngapi nimelitamka neno hilo mezani pako! Mimi unanijua, hasira zangu ziko puani, na ulimi wangu hauna breki.

Unakumbuka ile wiki, miaka mitatu iliyopita, niliyokataa chakula ukadhani nimepata mwanamke? Ukanitupia sufuria? Wiki ile walimleta zahanati yetu ya shambani yule mkata mkonge aliyejikata mguu. Mimi ndiye niliyepiga deki chumba chake. Meno yamekaza, shingo imekakamaa, mgongo umejikunja kama upinde, na uso kama anacheka, na hachekei kitu. Ukifungua mlango kwa kishindo, anashtuka mwili mzima. Mganga akawauliza ndugu zake, "Kidonda mlikipaka nini?" Wakasema kinyesi cha ng'ombe. Akasema, "Basi. Hii ni pepopunda. Mdudu wake anakaa kwenye udongo na mavi ya wanyama, anaingilia kwenye kidonda."

Niliacha ndoo pale pale nikatoka nje nikatapika. Kwa sababu nilishamwona mtu wa namna ile. Alikuwa mdogo wangu, Osmundi.

Sasa sikiliza. Mama yetu mzazi alikufa Osmundi akiwa anatambaa, baba akamwoa Agata, Mnyasa wa huku chini ziwani. Ndiye aliyemlea Osmundi. Mimi nilikuwa mkubwa kidogo, nikamkataa. Hakunikosea kitu, alikosea tu kukaa kwenye kigoda cha mama yangu. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa na Osmundi kumi, tulikuwa tunaandaa shamba la ngolo kwenye mteremko. Ngolo ni mashimo yetu ya kilimo: wanaume tunafyeka majani na kuyapanga kwa miraba, wanawake wanakuja nyuma kuyafukia kwa udongo, katikati linabaki shimo la kuzuia maji ya mvua. Osmundi akakanyaga kisiki nilichokikata vibaya kwa panga. Kikamwingia unyayoni. Nikakivuta, nikakimbia zizini, nikachukua kinyesi cha ng'ombe nikachanganya na majivu, nikakishindilia kwenye tundu, maana nilimwona bibi akifanya hivyo. Nikamwambia, "Baba asijue, atanichapa." Mtoto akanyamaza. Kidonda kikajifunga juu, tukasahau.

Baada ya kama siku nane, mama mdogo, yaani Agata, akamwekea ugali, Osmundi akashindwa kufungua kinywa. Siku ya tatu amekufa.

Mimi nikaona nini? Nikaona mtoto kafungwa kinywa mbele ya ugali wa mama wa kambo. Basi. Nikasema hilo mbele ya sengu.

Nyie Tanga hamna sengu, ngoja nikueleze. Kwetu Umatengoni kila mke anapika jikoni kwake, lakini chakula anakipeleka kwa mzee wa ukoo. Wanaume na vijana wote tunakula pamoja kwenye kila sahani, na tukishanawa tunazungumza: nani kagombana, nani mvivu, nani anaoa. Mahakama yetu ndiyo hiyo. Na sahani ya mwanamke ikirudi bila kuguswa, hakuna haja ya hukumu nyingine. Siku ile ya msiba sahani ya Agata ilipoletwa, niliisukuma kwa mguu nikasema, "Mimi sili chakula kilichomuua mdogo wangu." Hakuna mkono ulioigusa. Baba mwenyewe akakunja mkono wake. Wiki haikuisha Agata akarudishwa kwao ziwani na kibuyu na mkeka. Mimi kwa hasira ya kuwa baba hakumpiga, nikapanda lori, nikaja mkongeni. Mengine unayajua.

Sasa miaka mitatu nimelala na jambo hilo kifuani, wewe ukiwa pembeni yangu. Aibu, mke wangu. Lilipokuja tangazo kwamba shamba linauzwa kwa mtu binafsi na sisi tunapunguzwa, wenzangu walilia. Mimi nikaona sasa sina tena kisingizio cha ruhusa.

Nilifika kwetu, milimani juu ya Mbinga, nikamkuta baba mdogo Kasiani ndiye mzee wa sengu sasa. Anaanika kahawa kwenye chekecheke. Mambo yamebadilika, chama cha ushirika kimebaki na kufuli mlangoni, wanunuzi binafsi wanapita na pikapu nyumba kwa nyumba, kila mtu kavaa mtumba. Lakini Kasiani ni yule yule. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Nikamwambia nataka kwenda ziwani kupatana na mama mdogo.

"Kwenda na nani?"

"Peke yangu."

"Ulipomfukuza ulikuwa peke yako?"

Nikaona mzee ananipotezea muda. Unanijua. Nikapata lori la kwenda Mbamba Bay, tukashuka milima ile breki zikinuka, halafu nikatembea mpaka Lundo. Begani nimebeba blanketi lile zito nililonunua Korogwe, doti ya kitenge, na sukari. Nilikuwa nimepanga kila kitu kichwani: nitapiga magoti, nitalia, atalia, yataisha.

Nikamkuta kwenye uchanja, anageuza usipa, vile visamaki vidogo vya ziwa letu. Kazeeka, Mama Upendo. Mgongo umeinama. Mikono ndiyo ile ile, inakwenda mbio.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akaendelea kugeuza samaki. "Kasogee upande ule, unaniziba jua."

Nikasogea. Nikasema mimi ni Beni. Akasema, "Nimekuona tangu kwenye mkuyu. Unatembea kama baba yako." Nikaweka mzigo chini, nikapiga magoti kwenye mchanga, nikaanza kusema nimekuja kuomba radhi, kuna jambo nimelijua sasa, sikujua. Akainua mkono kunikatiza.

"Nyamaza. Usiniambie mimi."

"Mama..."

"Anayetukana watu sokoni haombi radhi chooni. Ulinisema mbele ya ukoo mzima, na wanawake wakiwa wamesimama na vyungu vichwani. Leo unanijia hapa na blanketi, tuko mimi na wewe na samaki? Huko juu nani atajua? Nikifa kesho, watasema mchawi wa ziwani kafa." Sauti haikupanda hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Chukua vitu vyako. Siwezi kulalia blanketi la mtu ambaye sijui kama amenisamehe au nimemsamehe."

Nikamwuliza afanyiweje. Akasema anajua Kasiani bado yu hai. Mke aliyerudishwa hajirudishi mwenyewe kama mbuzi aliyekata kamba. Wenye ukoo watamfuata, watampandisha, na yaliyosemwa kwenye sengu yatasemewa kwenye sengu. Kisha akaniangalia machoni kwa mara ya kwanza. "Na uje na maneno yote, Beni. Usilete nusu."

Nilikasirika! Naapa nilikasirika. Nikapanda njia nikitukana peke yangu, blanketi limenilemea, nasema bibi huyu ana kiburi, nimetoka Tanga, miaka yote hii. Hasira ikaniishia pale juu nilipogeuka nikaliona ziwa lote. Nikajiuliza, nusu gani anayoisema? Nilikuwa nimepanga kusema ulikuwa ugonjwa, pepopunda, mganga amethibitisha. Kinyesi sikupanga kukisema. Kwa nini nikiseme? Osmundi hakumwambia mtu. Mimi peke yangu duniani ndiye niliyekuwa najua.

Nikarudi kwa Kasiani na mkia kati ya miguu. Hakunicheka. Akasema, "Kama una la kusema lenye uzito, ujue kuna shangazi yako. Alimpenda yule mtoto. Na ukoo unaweza kukugeukia. Ukishafungua mdomo pale, mimi siwezi kukufunika." Nikasema nimeelewa. Sikuwa nimeelewa chochote.

Tukashuka pamoja kumchukua. Kasiani akabeba kuku jike, akamkabidhi kwa kaka yake Agata, akasema kwa kinywa chake kwamba ukoo wetu umemfuata mke wao. Yule kaka akatuweka juani tangu asubuhi mpaka adhuhuri ndipo akakubali. Haki yake. Tukapanda wote watatu nyuma ya pikapu ya mnunuzi wa kahawa, mama katikati ya magunia matupu, hasemi na mtu.

Sengu ikaitwa Jumapili baada ya misa. Mama akapika jikoni kwa mke wa Kasiani, ugali wa muhogo na usipa aliokuja nao. Tulikuwa wanaume kama ishirini, wanawake wamekaa pembeni ukutani. Sahani zikaletwa. Ya kwake ikawekwa mwisho. Watu wakanawa, wakakaa. Kila mtu anaitazama ile sahani kama ina nyoka. Ndipo nilipojua kwamba miaka kumi na tisa haikufuta kitu. Vijana ambao hawakuwa wamezaliwa siku ile, nao walikuwa wamerudisha mikono nyuma.

Kasiani akasema, "Hatuli kwanza. Kuna mtu aliacha maneno yake hapa, amekuja kuyachukua."

Nikasimama. Nikasema nilimsingizia mama mdogo. Nikasema Osmundi alikufa kwa pepopunda, nikaeleza yule mkata mkonge, shingo, mgongo, uso. Wazee wakatikisa kichwa, wanakumbuka. Nikaona nafuu inakuja, nikasema, "Kwa hiyo ni ugonjwa tu, naomba radhi," nikataka kukaa.

Mzee mmoja, fundi seremala, mtu mpole kabisa, akauliza, "Samahani baba. Huo ugonjwa unaingiliaga wapi?"

Mke wangu, hakuna mtu aliyejua kitu. Ningeweza kusema unakuja na upepo. Ningeweza kusema hata waganga hawajui. Wangekula, yakaisha, nikarudi Tanga mtu safi. Nikamwangalia mama. Alikuwa anaangalia miguu yake. Hakuniangalia, hakunisaidia, hakunitisha.

Nikasema. Kisiki nilichokikata mimi. Zizi. Kinyesi na majivu, nilivyokishindilia kwa kidole gumba na mtoto analia. Nilivyomwambia asimwambie baba. Nikasema, "Aliyemuua Osmundi si mama huyu. Ni mimi, kwa ujinga wangu, na nikamtwika yeye."

Shangazi akapiga ukelele, akanijia akanishika kola. "Ulimuua ukamsingizia! Kaka yangu kafa na uchungu, kafa peke yake bila mke, wewe unakula kwa wenzako!" Akanizaba kofi, na jingine. Sikujikinga. Wanaume wawili wakasimama, nikaona mmoja ameokota gongo. Nadhani nilikuwa nasubiri tu linipige.

"Mwacheni." Ni mama. Hakupaza sauti. "Shangazi, mwache. Ameshasema, hana kingine cha kutoa."

Kasiani akaniambia nifanye kilichonileta. Nikaenda kwenye sahani yake, nikapiga magoti, nikamega tonge. Nikalimeza kwa nguvu. Nikala tonge la pili, la tatu, peke yangu, watu ishirini wananitazama. Kisha Kasiani akajongea akamega. Kisha yule seremala. Kisha mikono ikawa mingi, na wale vijana wakala kwa pupa maana usipa ulikuwa mtamu kweli. Shangazi hakula. Mpaka leo hajanisemesha, na simlaumu.

Mama akaletewa maji kwenye kata. Kwetu mtu hasamehi kwa mdomo mkavu. Akachukua maji kinywani, akayatema chini, akasema, "Hasira niliyomwekea kijana huyu imetoka." Akachukua tena, akanipulizia kifuani, yakanilowesha shati. "Nenda, uzae, uzeeke." Ukoo ukanitoza mbuzi, tukamla, na nikaamriwa nimwezekee mama nyumba yake. Ndiyo maana niko juu ya paa.

Hapo ningemaliza barua. Lakini kuna jambo la jana, na ndilo linalonifanya nikuandikie badala ya kungoja nikueleze kwa mdomo. Kwa mdomo nisingeweza.

Nilishuka paani kunywa maji. Nikamwambia, "Mama, ulisema nilete maneno yote, nisilete nusu. Ulijuaje kuna nusu?"

Alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Nilikuona. Nilikuwa nyuma ya zizi nakata majani ya mbuzi. Nilikuona umechota, nikakuona ukimfunga mguu."

Nikadhani sijasikia vizuri.

Akasema mwanawe wa kwanza na baba, ambaye mimi hata nilikuwa nimemsahau, alikufa ana siku saba kinywa kikiwa kimekaza, kwa sababu mkunga alimpaka kitovu kinyesi. Sista wa misheni ndiye aliyemweleza. Kwa hiyo Osmundi aliposhindwa kufungua kinywa, yeye alijua palepale. Alimwomba baba wampeleke misheni, baba akasema wasubiri asubuhi. Na mimi niliposimama kwenye sengu nikaisukuma sahani yake kwa mguu, alikuwa anajua kila kitu, na neno moja lake lingenimaliza.

Nikamwuliza, huku nalia kama mtoto, sitakuficha, "Kwa nini hukusema, mama? Kwa nini ulikubali kufukuzwa?"

Aliendelea kutoa mawe kwenye ungo. "Baba yako alikuwa amezika mmoja asubuhi ile. Ningesema, wangekuua, au ungejiua mwenyewe. Ulikuwa na miaka kumi na tisa na huna mama. Mimi nilikuwa na kwetu pa kurudi."

"Na sasa? Mbona sasa umetaka niseme?"

"Sasa una mvi. Ulikuwa mzigo wako, Beni, nilikubebea tu mpaka ukue."

Nimemwomba aje Tanga tuishi naye. Amekataa, anasema hawezi kula samaki wa maji ya chumvi. Amesema watoto wakifunga shule waletwe yeye awaone. Nikamwambia watakuja. Kwa hiyo nitachelewa tena wiki moja, paa limebaki upande wa kaskazini.

Wasalimie: mama mkwe, mwambie dawa ya macho nimeipata Songea, shemeji yangu fundi baiskeli, kaka yako wa Muheza na mkewe, na yule mzee jirani yetu mwenye redio. Upendo na wadogo zake wabusu kichwani.

Wewe nami tutazungumza nikifika. Kama utakuwa na hasira, uwe nayo, sitajitetea. Ila nakuomba kitu kimoja tangu leo: wanao wakikuuliza baba yuko wapi, usiwaambie nimekwenda kwa mama wa kambo. Waambie nipo kwa mama.

Mumeo,
Benedikti